Mpango wa siku nne Jambiani, kwa Dada Neema na wenzake

Dada Neema,

Habari za Morogoro? Huku kwetu ni wazima, na jua linawaka. Nimepokea ujumbe kwamba mtakuwa watano, wanawake watatu na wanaume wawili, mkifika Alhamisi na kuondoka Jumapili. Nimeshamwarifu sheha, kiongozi wa serikali hapa kijijini, kwa hiyo mje na vitambulisho vyenu. Gari litawasubiri bandari ya Malindi, Unguja mjini, boti ikitia nanga. Kuja huku ni mwendo wa saa moja na nusu hivi.

Uliniomba ratiba ya saa kwa saa. Nitakuandikia, lakini ujue kwamba anayepanga si mimi, ni bahari. Nimewachagulia siku za bamvua makusudi, kwa kuwa maji hupwa mbali na wanawake hushuka pwani kwenye mwani, makumbi ya nazi na pweza. Alhamisi yatakuwa yamepwa kabisa kwenye saa tatu na nusu asubuhi, na kila siku huchelewa karibu dakika 50. Mkija siku za maji mafu mtaona mchanga na wazungu tu.

Alhamisi mtafika mchana, mpumzike. Jioni tutapita kumsalimia sheha, basi.

Ijumaa ni siku ya kazi za mikono, ila mapema, maana saa sita watu wanajiandaa kwa sala na hakuna kinachofanyika mpaka saa nane. Nyinyi wanawake mtashuka na shangazi yangu kufukua makumbi. Amekuwa ameyafukia pwani tangu miezi kadhaa nyuma, na ninakuonya mapema: yananuka. Asiyetaka kunuka asije. Yakishatolewa hupigwa kwa rungu mpaka nyuzi zibaki peke yake, yakaanikwa, kisha husokotwa kamba kwa viganja. Kamba ya kwanza ya mgeni huwa imelegea kama tambi. Shangazi ataifumua bila kuona haya, msinune. Kaka zetu wataenda kwa baba mdogo anayesuka madema ya kuvulia samaki, chini ya mti wa mkungu. Nimewatenganisha kwa sababu makumbi hupigwa na wanawake, nao huvaa kanga zao kwa raha wanapokuwa wenyewe.

Jumamosi ni jikoni, na hapa ndipo ninapowataka muwe na subira. Mtapika wali wa nazi na mchuzi wa pweza kwa mama yangu. Mtaanza na mbuzi, kila mtu nazi mbili, na msiparure mpaka kwenye ganda jeusi, wali utageuka rangi. Nazi iliyokunwa inakamuliwa kwa kifumbu. Tui la kwanza, zito, linawekwa kando, tui la pili ndilo la kupikia mchele. Lile zito huingia mwishoni, sufuria ikafunikwa na makaa yakapaliwa juu ya kifuniko. Pweza hupigwa kwanza, la sivyo mtatafuna mpaka Jumapili. Mama hapimi kwa kikombe, kwa hiyo msimuulize gramu ngapi. Angalieni mkono wake. Tutakula kwenye sinia moja, mkono wa kulia, kila mtu mbele yake.

Alasiri tutatembelea nyumba mbili tu. Uliomba nne, nimekataa. Mwaka juzi niliwapitisha wageni nyumba tano kwa siku moja, mmoja akampiga picha bibi aliyekuwa amejilaza uani, na ilinibidi nirudi peke yangu kuomba radhi. Tangu hapo simu hubaki mfukoni mpaka mwenye nyumba mwenyewe aseme. Tutapiga hodi mara tatu. Tukisikia kimya, tunaondoka. Viatu nje. Wanaume watakaa barazani mpaka waitwe. Wazee wote shikamoo, hata yule atakayeonekana hajali. Mkiletewa chai, onjeni, hata kama mmeshiba.

Msimpe mtoto pesa wala pipi njiani. Ukitaka kuja na kitu, leta sukari kilo mbili na majani ya chai kwa kila nyumba, mkabidhi mwanamke mwenye nyumba, kimyakimya.

Malipo: darasa la upishi ni shilingi 25,000 kwa mtu pamoja na chakula, makumbi na madema 15,000. Mtawapa walimu wenyewe mkononi, mimi sichukui humo. Kamba au mkeka mkiupenda, bei ni ya aliyesuka. Miyaa hukatwa, huanikwa, hutiwa rangi na kusukwa ukili kabla haujashonwa mkeka, kwa hiyo msipatane kama mko sokoni.

Nguo: mabega na magoti yafunikwe mkiwa kijijini. Wanawake, kanga mbili kila mmoja, moja itachafuka.

Jumapili asubuhi tunashuka kwenye mwani, kilimo kilichoanza upande wetu huu mwaka 1989 na kinachoshikwa zaidi na wanawake. Viatu vya mpira, kuna miiba ya urumbu. Gari saa nane mchana.

Niambie kabla ya Jumatatu kama kuna asiyekula pweza, nimwahi mvuvi.

Nduguyo,
Mwanakhamis