Kalenda ya posti Oktoba–Desemba, peji ya mboga

Timu, nimepitia takwimu za robo iliyopita na picha iko wazi kabisa, watu wanasevu na kushea posti za magonjwa ya nyanya kuliko kitu kingine chochote, bei za soko wanaangalia tu wanapita. Kwahiyo katika posti 4, 3 ziwe za yale yanayokubalika, 1 ya majaribio.

Oktoba: kitalu, vuli inaanza. Jumanne na Ijumaa saa 1 jioni, ndo watu wako onlaini.

Novemba ndo mwezi mzito. Mvua zikikolea bakajani chelewa linaingia, so kila Jumanne tunaweka picha ya karibu ya jani, lile baka la kahawia na ukungu mweupe kwa chini, mtu alinganishe na la shambani kwake kabla hajakimbilia dukani kununua dawa isiyohusika. Ijumaa kantangaze na mitego yake. Jaribio: voisi ya dakika 1 kwenye chaneli ya wasapu, mkulima mwenyewe anaongea.

Desemba tupunguze, wengi wako safarini. Jaribio: maswali laivu Jumamosi moja.

Jaribio likikosa hata nusu ya sevu za posti ya kawaida, Januari halirudi.