Mpira wa Babu

Pipa la lita 200 lilikuwa limeota ukoga, na kulipindua hawakuweza. Pale Igogo nyumba imekaa juu ya mawe. Ndoo zilisubiri ngazi ya chini.

Babu akazamisha mpira wa maji wote pipani mpaka mapovu yakaisha. "Ziba ncha moja kwa kidole, mjukuu wangu. Shuka nayo, nyingine ibaki majini."

Mvulana akashuka, akaachia. Maji yakapanda ukingo wa pipa, yakamwagika!

"Babu, yanapandaje?"

"Yanayoshuka upande wako ni mazito zaidi. Na hewa inakandamiza ya pipani yafuate. Hebu inua."

Akauinua taratibu. Ulipofika usawa wa maji ya pipani, yakakoma. Akaushusha, yakatiririka. Akauinua tena, akaushusha tena. Ndoo ikafurika, babu akamwacha.