Pichi yako nimeisoma yote, maoni yangu haya hapa

Mdogo wangu, habari za tangu juzi,

Pichi yako ya kuombea mtaji kwa wawekezaji nimeisoma, slaidi zote 17, halafu nikarudia tena taratibu na kalamu mkononi. Najua unachosubiri kusikia kwa hiyo nianze nacho: biashara ni nzuri, pichi bado. Naomba hayo mawili usiyachanganye unapoendelea kusoma, maana kuna sehemu nimekaza, na nimekaza kwa sababu naona kabisa mtu anaweza kuweka hela hapa kama ataelewa unachofanya. Kwa sasa hataelewa, atakuwa ameshachoka kabla hujafika.

Umefika wapi? Slaidi ya 13. Pale ndo umeweka yule fundi cherehani ambaye kabla ya apu yenu ya kuandikia oda za wateja alichelewesha nguo 11 kati ya 40 kwa mwezi, na sasa anachelewesha 3. Yaani mimi nilivyofika pale nikakaa vizuri kwenye kiti. Hiyo ndo pichi yenyewe bana! Mteja anaahidiwa nguo Ijumaa, anakuja Ijumaa haijakatwa hata kitambaa, fundi anaanza visingizio, mteja harudi tena, kila mtu anaijua hiyo hadithi na hakuna haja ya kumuelezea mtu mara mbili. We umeizika chini ya slaidi nne za soko la mitindo duniani.

Hizo slaidi nne toa. Zote. Ile sentensi ya "tukipata asilimia 1 tu ya soko" ndo kabisa, wawekezaji wameisikia mpaka basi na haiwaambii chochote kuhusu wewe, maana hiyo asilimia 1 haiji yenyewe, kuna mtu inabidi aende kuitafuta. Hesabu kutoka chini: mafundi wangapi wako kwenye eneo unaloweza kulifikia mwaka huu, wangapi wana simu inayobeba apu yenu, wangapi wanapokea oda za kutosha mpaka daftari linawashinda, zidisha na ada ya mwaka. Itatoka namba ndogo kuliko uliyoweka na utaiona kama inakuaibisha, lakini hiyo ndogo unaweza kuitetea mstari kwa mstari na ile kubwa huwezi.

Kuna kitu kimoja sijakipenda na nakuambia waziwazi. Umeandika "mafundi 38 wanatumia mfumo wetu". Nimeenda kwenye jedwali la mwisho, waliojisajili ni 38, wanaoingiza oda angalau mara moja kwa wiki baada ya miezi 3 ni 21. Najua hukukusudia kudanganya, lakini mwekezaji akianza kukagua atakutana na jedwali hilohilo nililokutana nalo mimi, na akishaona hiyo moja ataanza kushuku na yale ya 11 kwenda 3 ambayo ni kweli tupu. Andika 38 walijisajili, 21 wamebaki. Zaidi ya nusu ya mafundi wenye kazi nyingi mikononi wamebaki na kitu kipya miezi 3, hiyo sio namba ya kuficha hata kidogo. Halafu wale 17 walioacha wapigie simu wiki hii, wote, uliza kwa nini, maana hilo swali utaulizwa tu na ukijibu "wengi walisema kuandika vipimo kwenye simu kunawachelewesha, tumeshaanza kurekebisha" utakuwa umewapita wengi sana watakaosimama mbele ya wawekezaji siku hiyo.

Slaidi ya "hatuna washindani" nayo hapana. Mshindani wako ni daftari na kalamu nyuma ya sikio. Ni bure, haliishi chaji, na fundi amelizoea miaka yote. Sema hivyohivyo halafu waoneshe kitu ambacho daftari haliwezi, mfano kumtumia mteja meseji siku mbili kabla, au kumwambia fundi kwamba wiki hii ameshaahidi nguo nyingi kuliko anazoweza kushona. Hii ya pili umeitaja kwa maneno matano tu kwenye slaidi ya 8, mimi ningeipa nafasi yake.

Sasa hela, hapa usome polepole. Nimechukua namba zako mwenyewe: kumpata fundi mmoja na kumfundisha mpaka azoee kunakula sawa na ada yake ya miezi 5. Meseji mnazowatumia wateja wake zinakula robo ya ada kila mwezi. Maana yake kila mwezi kinachobaki ni robo tatu, kwa hiyo hela uliyotumia kumpata inarudi mwezi wa 7. Na wewe una data ya miezi 3. Unaona tatizo? Huwezi kusema kwa uhakika kwamba fundi wa kawaida anakulipa zaidi ya alichokugharimu, ila grafu yako inapanda tu mpaka mwaka wa tano kama vile hilo limeshajibiwa. Lakini kwenye jedwali hilohilo nimeona kati ya wale 21, 6 waliletwa na fundi mwenzao, na hao karibu hamkutumia kitu kuwapata wala kuwafundisha, mwenzao aliwaelekeza. Hiyo ndo njia yako! Jenga mpango wa miezi 18 juu ya hapo, ya mwaka wa tano achana nayo.

Kwenye ombi, umesema unataka mtaji kwa asilimia 5 ya hisa bila kueleza utafanyia nini. Ukitoa asilimia 5 umesema kampuni ikishapokea hiyo hela ina thamani ya mara 20 ya hela yenyewe. Je, uko tayari kuitetea hiyo ukiwa na wateja 21 wanaolipa? Mi naona bado, lakini ukija na sababu nitakusikiliza. Vyovyote utakavyoamua, taja hela itawafikisha wapi na kwa muda gani.

Timu: "vijana wenye ari" futa, andika kwamba mwenzako ameshona kwa riziki miaka 6. Sijui kwa nini mmeficha hilo.

Muda mmepewa dakika 10, kwa slaidi 17 ni kama sekunde 35 kila moja, hakuna mtu anafuatilia hivyo. Baki na 9 au 10. Na apu usiioneshe moja kwa moja jukwaani, rekodi video fupi ya fundi halisi akipokea oda, mtandao ukigoma usikuharibie.

Mwanzo nimekujaribia hivi, ubadilishe uwe na sauti yako: "Fundi huyu alikuwa anachelewesha nguo 11 kati ya 40. Sasa ni 3. Nitawaonesha alichobadilisha, na kwa nini wenzake wameanza kutuletea wenzao."

Usikae kuirekebisha yote usiku mmoja ukachanganyikiwa. Anza na simu za wale 17, majibu yao yatabadilisha slaidi zingine yenyewe. Nitumie toleo jipya Jumatano hata kama ni bovu, Alhamisi jioni nipigie tulipitie kwa sauti, mi nitakaa kama mwekezaji na ntakubana kwenye ule mwezi wa 7, kwa hiyo njoo na mwenzako, swali la fundi ajibu yeye.

Dada yako