Mpango wa Kurithishana Nafasi za Kiufundi katika Kiwanda Chetu cha Barafu, Igombe, Mwanza

Umepitishwa na kikao cha familia na uongozi tarehe 14 Machi 2026. Unaanza kutumika tarehe 1 Aprili 2026.

Chanzo cha mpango

Mpango huu ulitokana na siku mbili za Novemba 2025. Fundi Mkuu alikuwa msibani Ukerewe, simu yake haipatikani, na kompresa ilizima alfajiri huku makopo 200 yakiwa ndani ya maji ya chumvi, barafu imeganda nusu. Sote tuliokuwepo, nikiwemo mimi Mkurugenzi, tuliuzunguka mtambo bila kuthubutu kuuwasha. Aliporudi alichungulia kioo cha oili, akaongeza iliyopungua, akabonyeza kitufe chekundu cha swichi ya shinikizo la oili, na kompresa ikanguruma. Kazi yote haikufika nusu saa. Swichi hiyo imetengenezwa makusudi isijirudishe yenyewe, ili mtu akague oili kwanza kabla ya kuwasha, lakini aliyelijua jambo hilo kiwandani alikuwa mmoja tu. Wakati huo wachuuzi wa sangara walikwishapata barafu kwingine, na wawili kati yao hawajarudi hadi leo.

Nafasi ambazo kampuni haiwezi kukaa bila mtu hata kwa siku mbili ni tatu: Fundi Mkuu wa mtambo wa amonia, Fundi Umeme na Jenereta, na msimamizi wa mfumo wa mauzo.

Fundi Mkuu

Fundi Mkuu wa sasa alianza kazi kwetu mwaka 2004 na atafikisha umri wa miaka 60 Agosti 2027. Mrithi wake ni Saidia Fundi aliye naye kwa miaka sita sasa. Tunajua kwamba Baba, ambaye ndiye Mwenyekiti na mwanzilishi, alitamani nafasi hiyo iende kwa mjukuu wake anayesoma majokofu VETA, na jambo hilo lilijadiliwa kwa muda mrefu kikaoni. Uamuzi ni kwamba mjukuu ataingia zamu akimaliza masomo, chini ya Saidia Fundi, naye atakuwa wa tatu katika mpangilio. Amonia haijui mtoto wa mwenye kiwanda, na cheti cha chuo, pamoja na heshima yake yote, hakimfundishi mtu tabia za kompresa hii yenye umri mkubwa kuliko yeye.

Kabla ya kukabidhiwa, mrithi ataonyesha kwa vitendo kwamba anaweza kusoma geji na kueleza maana yake. Maji ya chumvi yakiwa katika nyuzi 10 chini ya sifuri, amonia huchemka katika nyuzi 15 hivi chini ya sifuri, na geji ya upande wa kuvuta husimama karibu na bari 1.4. Upande wa kusukuma, kondensa ikiwa katika nyuzi 35, tunatarajia bari 12.5 hivi. Geji hiyo ikipanda kupita kawaida, mrithi aweze kutofautisha kondensa iliyochafuka na hewa iliyoingia ndani ya mfumo. Hewa hutolewa kwa mpira uliotumbukizwa kwenye ndoo ya maji: mapovu yakipanda, inayotoka ni hewa, na mapovu yakikoma ukabaki mlio wa kupasukapasuka tu, ni amonia inayoyeyuka majini, na hapo valvu hufungwa. Jambo hili dogo Fundi Mkuu amelifanya kwa miaka mingi bila kumweleza mtu, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza.

Kazi ya kutoa oili iliyotuama chini ya mabomba ya kugandishia inapewa uzito wa pekee. Oili ni nzito kuliko amonia iliyo kimiminika, kwa hiyo huzama, na anayeifungulia valvu anaweza kuachia amonia pamoja nayo. Kuanzia sasa kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Wawepo wawili, wote wamevaa barakoa za gesi na glavu, na mmoja asimame karibu na valvu kuu ya tangi la kupokelea amonia, ambayo ndiyo ya kwanza kufungwa panapotokea uvujaji.

Kwa kuwa Fundi Mkuu hapendi kuandika, na hatutamlazimisha, kila Ijumaa saa nane mchana atamsimulia Saidia Fundi kazi moja huku simu ikirekodi. Mjukuu ataiandika, Fundi Mkuu atasomewa na kusahihisha, kisha karatasi itaingizwa kwenye kitabu cha mtambo. Nakala ya maelekezo ya kuwasha, kuzima na kufunga valvu wakati wa dharura itabandikwa ukutani, ndani ya plastiki.

Mitihani ni miwili. Septemba 2026 mrithi ataendesha mtambo siku saba, Fundi Mkuu akiwepo uani bila kugusa chochote isipokuwa pana hatari. Februari 2027 Fundi Mkuu atapewa likizo ya siku saba na kuzima simu. Mrithi asipofaulu mtihani wa pili, utarudiwa Mei, na wakati huohuo Mkurugenzi ataanza kutafuta fundi kutoka nje.

Fundi Umeme na Jenereta

Aliyepo ana miaka 41 na hatarajiwi kuondoka, ila anaweza kupata kazi migodini Geita wakati wowote, na hatuna mshahara wa kushindana na migodi. Kwa sababu hiyo tunamwandaa mlinzi wa zamu ya usiku aliyesomea umeme VETA, ambaye hadi sasa tulikuwa tunampa tochi na filimbi tu. Ndani ya miezi minne ajue kuhamisha mzigo kutoka TANESCO kwenda jenereta na kurudisha, na kuwasha mota ya kompresa kwa kufuata utaratibu wa paneli. Asifungue paneli hiyo kwa matengenezo mpaka apate leseni ya EWURA ya daraja linalohusika, ambayo kampuni itagharamia.

Mfumo wa mauzo

Dada mdogo ndiye pekee anayejua nywila zote. Ataziandika, bahasha ifungwe kwa lakiri na iwekwe kwenye kasiki la Mama, na mhasibu afundishwe kufunga hesabu za siku kabla ya mwisho wa Aprili.

Haki za anayefundisha

Fundi Mkuu alisema wazi kikaoni kwamba aliwahi kuona, kwingine, mzee akimaliza kufundisha kijana na kuachishwa kazi mwezi uliofuata. Hofu hiyo ni ya haki. Kwa hiyo atalipwa posho ya ufundishaji ya Sh 150,000 kila mwezi kuanzia Aprili 2026, ajira yake haitaguswa kwa sababu ya mpango huu kabla hajafikisha miaka 60, na baada ya hapo atapewa mkataba wa mwaka mmoja wa mshauri, siku tatu kwa wiki, kwa nusu ya mshahara. Mrithi akifaulu mtihani wa pili ataongezewa Sh 200,000 kwa mwezi hata kabla ya kupewa cheo, kwani fundi wa amonia asiyethaminiwa hapa atathaminiwa kwenye viwanda vya samaki.

Kipindi cha mpito

Mpaka Februari 2027, Fundi Mkuu na Saidia Fundi hawatakuwa nje ya Mwanza kwa wakati mmoja. Ikitokea misiba miwili kwa pamoja, mtambo utazimwa kwa utaratibu na wateja wataarifiwa siku hiyohiyo.

Mkurugenzi atausoma mpango huu upya mbele ya kikao kila Machi na Septemba, daftari la mtambo likiwa mezani. Wametia saini Mwenyekiti, Mkurugenzi, Fundi Mkuu na Saidia Fundi, na kila mmoja amebaki na nakala yake.