Ombi la kusitisha matoleo mapya kwa siku mbili kabla ya mauzo ya punguzo

Kwa wakuu wa Masoko, Mauzo, Fedha, Ghala na Huduma kwa Wateja

Ndugu zangu,

Mauzo makubwa ya punguzo yanafunguliwa saa sita usiku wa kuamkia Ijumaa ijayo. Naomba mridhie kwamba Jumatano na Alhamisi nzima tusipandishe badiliko lolote kwenye mfumo wanaoutumia wateja. Toleo la mwisho lipande Jumanne kabla ya saa kumi jioni, wakati wote tukiwa bado kazini. Tayari tuna utaratibu wa kutogusa mfumo mauzo yakishaanza. Ninachoomba ni saa 48 zaidi mbele yake.

Najua linawagharimu. Masoko mmeusubiri ukurasa wa orodha ya zawadi kwa wiki tatu, na mliniambia wazi kuwa mnautaka uonekane siku ya kwanza. Ukimaliza majaribio kabla ya Jumanne jioni, utapanda. Usipomaliza, utasubiri mpaka Jumanne inayofuata mauzo. Kwa wenzetu wa Fedha, ripoti mpya ya marejesho itaangukia huko huko.

Kinachonisukuma ni usiku wa mauzo yaliyopita. Alasiri ile tulipandisha mabadiliko 9, na moja lilikuwa dogo kabisa: mistari michache ya kukagua kama kuponi imekwisha muda wake. Lilipita majaribio yote. Wateja walipofurika, ukaguzi ule ukawa unafungua muunganisho wa hifadhidata kwa kila bidhaa iliyomo kwenye kapu, badala ya mmoja kwa kapu zima. Miunganisho ikaisha. Mteja anabonyeza “Lipa”, kiduara kinazunguka, haoni jibu, anabonyeza tena. Huduma kwa Wateja mlikesha mkiwajibu watu waliokatwa fedha mara mbili. Kulirudisha toleo la awali kulituchukua dakika 4. Kujua ni lipi kati ya yale 9 lililotuumiza kulichukua dakika 50. Aliyeandika mistari ile hakuzembea. Mimi ndiye niliyeruhusu yote 9 yapande siku moja, tena siku ile.

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini siku moja isitoshe. Kuna hitilafu zisizojitokeza upesi. Programu inayovujisha kumbukumbu huenda vizuri kwa saa nyingi kabla seva haijaanza kulemewa. Kazi za usiku nazo, kama kulinganisha hesabu ya ghala na kufunga malipo ya siku, hufanyika mara moja tu kila usiku. Siku mbili zinatupa usiku mara mbili: wa kwanza ukifichua kosa, wa pili unatuonyesha kama marekebisho yameshika. Halafu Jumatano alfajiri tutaujaribu mfumo kwa mzigo mkubwa, tukiiga wateja wanaoingia kwa mkupuo. Majibu ya jaribio hilo yana maana kwa toleo lililojaribiwa tu. Tukipandisha kitu Alhamisi mchana, tunafungua mauzo kwa toleo ambalo hakuna aliyelipima.

Kazi zenu nyingi hazitasimama. Bei, mabango, picha na maelezo ya bidhaa hubadilishwa kwenye paneli ya usimamizi, na huko mlango uko wazi hadi dakika ya mwisho. Timu yangu itaendelea kuandika na kukaguana kazi kama kawaida. Ila vipengele vilivyomo ndani ya mfumo vikiwa vimezimwa, visiwashwe siku hizo mbili. Kuwasha swichi ni badiliko kama mengine.

Badiliko la dharura litaruhusiwa kupanda. Nikisema dharura nina maana ya malipo kukwama, tundu la usalama, oda kupotea au hesabu ya bidhaa kuonyesha uongo. Mhandisi wa zamu na mimi tutaamua pamoja ndani ya dakika 15, saa yoyote, na mtajulishwa papo hapo. Neno lililokosewa kwenye ukurasa litasubiri, hata likiwa linakera.

Baada ya mauzo sitafungulia yote kwa pamoja. Yaliyorundikana yatapanda kidogo kidogo kuanzia Jumanne, la orodha ya zawadi likitangulia, kisha ripoti ya marejesho.

Naomba kila idara inijibu kabla ya Ijumaa hii saa nane mchana. Kama mnakubali, neno moja linatosha. Kama kuna jambo ambalo kweli haliwezi kusubiri, nitajieni ni lipi na nani anaumia likichelewa, nami nitakaa nanyi Jumatatu asubuhi tuone kama timu yangu inaweza kulimaliza kabla ya Jumanne jioni.

Wenu katika kazi,

Kiongozi wa timu ya kapu na malipo