Pandemic kwa ufupi: kwa wanaocheza nasi mara ya kwanza

Karibuni, shangazi, mjomba na binamu. Hakuna wa kumfunga mwenzake: sote wanne tuko upande mmoja. Tukipata dawa za magonjwa yote manne, tumeshinda.

Zamu yako
1. Fanya mambo manne: kuhamia mji jirani, kuondoa kijiwe kimoja cha ugonjwa mjini ulipo, kumpa mwenzako kadi na mengineyo. Ruksa kurudia jambo lilelile.
2. Chukua kadi mbili. Zikizidi saba mkononi, punguza.
3. Funua kadi za maambukizi. Kila mji unaotokea, ongeza kijiwe.

Dawa hupatikana ukitoa kadi tano za rangi moja ukiwa kwenye kituo cha utafiti. Wengi hukwama kwenye kupeana kadi: lazima nyote wawili muwe mji mmoja, na kadi iwe ya mji huohuo. Kadi ya Lagos hutolewa Lagos tu.

Mlipuko: mji wenye vijiwe vitatu vya rangi moja hauongezwi cha nne, kila mji jirani hupata kimoja. Hapo jirani naye aweza kulipuka, na ndipo kelele huanza.

Tunashindwa milipuko ikifika 8, vijiwe vya rangi inayohitajika vikiisha, au kadi za kuchukua zikiisha.

Kadi zenu wekeni wazi mezani, shaurianeni mpendavyo. Ila mwenye zamu ndiye mwamuzi, hata awe mdogo kuliko wote.