Matokeo: Kiwango cha presha ya juu kwa watu wazima, Lamu Magharibi

Kati ya watu wazima 572 waliopimwa katika klasta 30, yaani makundi ya kaya jirani, waliokutwa na presha ya juu ni 178, sawa na asilimia 31.1. Asilimia hiyo isinukuliwe. Klasta 15 zilitoka kisiwani (Amu, Shela, Matondoni na Kipungani) na 15 bara (Hindi, Mpeketoni na Witu), ilhali katika orodha ya kaya tuliyoiandaa kabla ya kupima, kisiwa kina asilimia 30 tu ya watu wazima. Kwa hiyo kila aliyepimwa kisiwani alipewa uzito wa 0.596, na wa bara 1.410. Wenye presha kisiwani, 109 kati ya 288, wakawa 64.9 kati ya 171.6, wa bara, 69 kati ya 284, wakawa 97.3 kati ya 400.4.

Kwa uzito huo, asilimia 28.4 ya watu wazima wa eneo lililoorodheshwa walikuwa na presha ya juu (masafa ya kuaminika ya asilimia 95: 23.0 hadi 33.7, athari ya muundo wa sampuli 1.9). Tumemhesabu kuwa na presha ya juu mtu ambaye wastani wa vipimo viwili vya mwisho kati ya vitatu ulifika 140 kwa ya juu au 90 kwa ya chini, au anayetumia dawa za presha. Kisiwani kiwango ni asilimia 37.8 (30.3 hadi 45.4, athari 1.5), bara asilimia 24.3 (17.0 hadi 31.6, athari 1.8). Tofauti ni pointi 13.5 (3.5 hadi 23.6): ipo, ila ukubwa wake haujulikani kwa karibu.

Athari ya 1.9 maana yake watu wetu 572 wametupa taarifa sawa na watu kama 300 ambao wangeteuliwa mmoja mmoja kwa bahati nasibu. Sehemu ndogo inatokana na uzito kutolingana, ambao peke yake ungeifikisha athari kama 1.17 tu. Iliyobaki ni ujirani: watu wa mtaa mmoja hununua samaki wa chumvi duka moja, wengi ni jamaa, na presha zao hufanana. Tungeyapuuza hayo, masafa yangesomeka 24.7 hadi 32.1, na kamati ya afya ingepanga bajeti ya dawa kwa uhakika ambao hatuna. Tunaomba dawa zipangwe kwa kutazama ncha ya juu, 33.7, kwa sababu mgonjwa anayekosa vidonge mwezi mzima ndiye anayeumia.

Kiwango cha kijiji kimoja kimoja hakitolewi. Klasta moja ina watu kama 19, na wavuvi wengi walikuwa baharini asubuhi. Waliorudiwa baada ya Magharibi wamo katika hesabu, ambao hawakupatikana hata wakati huo hawamo, na uzito uliotumika haukurekebishwa kwa ajili yao.